Vidonge vya rangi mbili na mafua ya Jumatano

Mwezi Juni, upepo wa Dodoma unapoanza kubeba vumbi na wanafunzi kuingia darasani na sweta mbilimbili, mafua hayana haja ya kubisha hodi. Madirisha ya mabweni hufungwa usiku kucha kwa ajili ya baridi, vitanda vya ghorofa vimebanana, na mmoja akianza kupiga chafya Jumapili, kufikia Ijumaa nusu ya bweni linavuta kamasi. Nafundisha baiolojia katika shule moja ya bweni mkoani humu, kwa hiyo msimu huo naujua kwa sauti yake.

Mwaka jana, katikati ya msimu huo, niliwapa kidato cha tatu jaribio. Swali mojawapo liliuliza kama antibiotiki zinaweza kutibu mafua, na kwa nini. Binti mmoja akajibu kwamba haziwezi, kwa sababu mafua husababishwa na virusi na antibiotiki haziui virusi. Nikampa alama zote. Siku chache baadaye, siku ya Alhamisi, nikamkuta nje ya maabara, pua imemwiva, mkononi ana kipande cha pakiti chenye vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu nusu vya njano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hizo za nini?"

"Za mafua, mwalimu. Jana nilizidiwa, nikamwagiza mtu dukani."

Sikumkaripia. Jibu lake la mtihani lilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye tatizo. "Antibiotiki haziui virusi" ni sentensi ya kukariri. Haisemi kwa nini haziviui. Je, dawa ni dhaifu mno? Haifiki puani? Au virusi vina ngozi ngumu kiasi kwamba kidonge kimoja hakitoshi lakini vitatu vingetosha? Mwanafunzi asiyeelezwa hayo hubaki na sentensi ya mtihani upande mmoja, na upande mwingine mafua yanayomnyima usingizi. Usiku wa manane, sentensi hushindwa.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya, nalo limo ndani ya lugha yetu ya kila siku. Tunasema "vijidudu". Vijidudu vya tumbo, vijidudu vya mafua, vijidudu vya kidonda. Neno moja limebeba bakteria na virusi kwa pamoja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja wanaotofautiana ukubwa tu. Mtu akishaamini hivyo, "dawa ya kuua vijidudu" inakuwa dawa ya vyote, na kilichobaki ni kuuliza bei. Ningependa tulitenganishe neno hilo tangu kidato cha kwanza, kwa sababu tofauti ya viumbe hivi viwili si ya ukubwa tu. Kimoja ni chembe hai inayojitegemea. Kingine hakina hata kile ambacho dawa inakwenda kukishambulia.

Tuanze na kile kidonge. Vidonge vya binti yule vilikuwa amoksilini, dawa ya ukoo wa penisilini. Bakteria ni seli kamili: anakula, anatengeneza protini zake, anajigawa. Ndani yake kumejaa chumvi, sukari na protini nyingi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji hujipenyeza ndani kwa osmosisi, yanasukuma kutoka ndani bila kupumzika. Kwa baadhi ya bakteria shinikizo hilo huzidi mara kadhaa upepo uliomo kwenye tairi la gari. Kinachomzuia asipasuke ni ukuta wa seli unaomzunguka kama wavu mgumu. Ukuta huo si wa kujengwa mara moja ukaisha. Bakteria anapokua hukata sehemu za zamani na kuunga sehemu mpya, na kazi ya kuunga hufanywa na kimeng'enya maalumu kinachofunga uzi mmoja wa wavu kwa mwingine.

Hapo ndipo amoksilini inapoingia. Umbo lake linafanana na kipande kile ambacho kimeng'enya hukishika ili kukifunga ukutani. Kimeng'enya kinaishika dawa kwa kudhani ni tofali, kinanasa, hakiachii tena. Ukataji unaendelea, uungaji umesimama. Ukuta unabaki na matundu, na maji bado yanaingia.

Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanalijua tukio hili kwa macho. Mvua ikinyesha zabibu zikiwa zimeshaiva, tunda hunywa maji mengi kwa ghafla, ganda linashindwa kuyahimili, linapasuka. Mkulima anaingia shambani asubuhi anakuta vichala vimechanika. Bakteria aliyekutana na amoksilini hufa vivyo hivyo. Dawa haimchomi wala haimpi sumu kwa maana tuliyoizoea. Inamnyima ganda, kisha maji yanamaliza kazi. Seli zetu sisi hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa hii bila seli zake kupasuka.

Sasa tumtafute mhusika wa mafua. Mara nyingi ni kirusi kiitwacho rinovirusi, na aina zake zinazojulikana zimevuka 150. Kipenyo chake ni nanomita 30 hivi. Bakteria anayeishi puani na kooni ana nanomita 1,000 au karibu na hapo. Ukimkuza bakteria huyo mpaka awe na upana wa darasa la mita 6, kirusi kinakuwa na sentimita 18, sawa na daftari lililosahaulika juu ya dawati.

Mfano wa daftari unafaa zaidi ya ukubwa. Ukikifungua kirusi hiki, utakuta ganda la protini na ndani yake uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 7,200. Basi. Hakuna ukuta wa seli. Hakuna ribosomu ya kutengenezea protini. Hakuna chakula kinachosagwa wala nguvu inayozalishwa. Nje ya mwili wa mtu, kirusi kilichotua kwenye kitasa cha mlango wa bweni hakikui, hakili, hakizai. Ni maelekezo yaliyofungwa ndani ya karatasi.

Kikifika puani, hushika kipokezi kilicho juu ya seli ya utando wa pua, kinaingia, kinaachia uzi wake. Ribosomu za seli yako, ambazo kazi yake ni kusoma maelekezo na kutengeneza protini, zinausoma uzi huo kama zinavyosoma mwingine wowote. Ni kama mtu aingie kwa fundi cherehani pale Majengo, auchomeke mchoro wake katikati ya michoro ya wateja. Fundi anakata kitambaa chake mwenyewe, anakanyaga cherehani yake mwenyewe, anashona nguo za mgeni kutwa nzima. Baada ya muda wa saa 8 hadi 10 hivi, virusi vipya vinaanza kutoka na kutafuta seli za jirani.

Nilipofika hapa darasani nilimwomba binti yule asimame anionyeshe kwa kidole, katika mchoro uliokuwa ubaoni, mahali amoksilini ingeshika. Akatafuta ukuta kwenye kirusi, hakuuona. Akatafuta kwenye seli ya pua, nayo haina ukuta. Akageuka akaniangalia. "Mwalimu, hakuna." Darasa likanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuona kwamba dawa ile haikushindwa vita na kirusi. Ilifika uwanjani, mpinzani iliyeandaliwa kumkabili hakuwepo.

Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza swali zuri: je, zile antibiotiki nyingine, ambazo hazigusi ukuta? Ni kweli zipo. Azithromaisini na doksisaiklini hushika ribosomu za bakteria na kuzizuia zisitengeneze protini. Lakini ribosomu za bakteria zina umbo tofauti na zetu, na dawa hizi zimechaguliwa kwa sababu zinashika zile na kuziacha zetu. Kirusi kinatumia zetu. Siprofloksasini nayo hunasa kimeng'enya cha bakteria kinachoweka sawa DNA yake. Rinovirusi haina hata DNA. Kila antibiotiki ina kitu chake inachokishika ndani ya bakteria, na ukivipanga vyote mezani, kirusi cha mafua hakina hata kimoja.

Wala tusidhani kwamba virusi havina dawa kabisa. Watanzania wengi wanazijua ARV, na zinafanya kazi kwa kanuni ileile ya kutafuta kitu ambacho adui anacho na sisi hatuna. VVU huja na kimeng'enya chake cha kuigeuza RNA kuwa DNA, na kingine cha kuipachika DNA hiyo kwenye kromosomu zetu. ARV hushika hivyo. Ni dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kirusi hicho, na ndiyo maana hazitibu mafua. Kwa mafua ya kawaida bado hakuna dawa ya namna hiyo inayotumika hospitalini, na wingi wa aina za rinovirusi ni sababu mojawapo, pamoja na ukweli kwamba ugonjwa wenyewe huisha upesi kabla dawa haijapata muda wa kusaidia.

Huko kuisha upesi ndiko kunakotudanganya, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu naamini ndiyo sababu kubwa ya watu kuendelea kununua. Binti yule aliniambia, tena kwa uaminifu kabisa: "Lakini mwalimu, nilipona." Siwezi kumwambia hakupona. Nilimwona.

Kwa hiyo tuliandika ubaoni siku zake moja moja. Jumatatu koo lilimwasha. Jumanne pua ikaanza kutiririka, chafya mfululizo. Jumatano pua ikaziba kabisa, kichwa kikamuuma, hakulala. Jioni hiyo ndipo alipoagiza vidonge. Alhamisi bado alikuwa taabani, lakini alipata usingizi. Ijumaa akala chakula chote. Jumamosi akafua nguo zake. Jumatatu iliyofuata akabaki na kikohozi kidogo.

Kisha nikamwita mwenzake anayelala kitanda cha juu yake, ambaye alianza kuwashwa koo siku moja baadaye. Huyo hakuwa na hela. Alikunywa uji, maji ya moto na parasetamoli mbili alizopewa na matroni. Siku yake mbaya kuliko zote ilikuwa ya tatu, kama ya mwenzake. Siku ya sita akafua.

Watu wawili si ushahidi, na niliwaambia hivyo. Lakini mwendo huo ndio mwendo wa mafua popote duniani: hupanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na wengi hupona ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kujikokota hadi wiki mbili au zaidi. Kinachoyashusha ni kinga ya mwili. Seli zilizoambukizwa hutoa taarifa za kemikali zinazowafanya majirani wafunge milango, chembe nyeupe za damu huua seli zilizotekwa, na baada ya wiki hivi kingamwili mahususi huwa zimeshatengenezwa za kutosha.

Sasa jiulize mtu hununua dawa siku gani. Hanunui Jumatatu koo linapowasha tu. Hununua siku anapozidiwa, na siku ya kuzidiwa ndiyo kilele, na baada ya kilele hakuna njia ila kushuka. Chochote kitakachomezwa jioni ile kitaonekana kimeponya. Kama binti yule angekunywa juisi ya ubuyu Jumatano jioni, leo bweni zima lingekuwa linasifu ubuyu. Ndiyo sababu watafiti hawakuridhika na ushuhuda wa mtu mmoja mmoja. Waliwagawa wagonjwa wa mafua kwa bahati nasibu, wengine wakapewa antibiotiki na wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa, bila mgonjwa kujua amepata kipi. Matokeo ya majaribio hayo yalipokusanywa pamoja, waliopewa antibiotiki hawakupona mapema kuliko wenzao. Walichowazidi watu wazima waliozimeza ni madhara kama kuharisha.

Hapo kwa kawaida mtu hunikumbusha kamasi. "Yangu yalikuwa ya kijani, mwalimu, hayo ni ya bakteria." Hili limeenea hata kwa watu wazima. Lakini rangi hiyo inatoka kwetu. Siku ya tatu au ya nne chembe nyeupe za damu hukusanyika puani kwa wingi, na ndani yake zimebeba kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho chenyewe ni cha kijani. Zinapokufa zinaimwaga rangi hiyo kwenye kamasi. Leso ikionyesha kijani, inakuambia askari wamefika. Haikuambii wanapigana na nani.

Tubaki na swali la vidonge vyenyewe. Binti alinunua sita. Alimeza vinne kwa siku mbili, akampa jirani yake viwili kwa kuwa naye alikuwa ameanza chafya. Tumeshaona kirusi hakikuguswa. Je, dawa ilipita tu mwilini bila kufanya kitu? Laiti ingekuwa hivyo.

Puani, kooni na tumboni mwa mtu mwenye afya wanaishi bakteria wengi wasiomdhuru, na wengine wanamsaidia kusaga chakula na kuzuia wabaya wasipate nafasi. Amoksilini iliingia na kufanya kazi yake sawasawa juu ya hao. Wale walio laini walipasuka. Lakini katika umati mkubwa namna hiyo hukosi wachache wenye kinga ya kuzaliwa nayo. Baadhi wana kimeng'enya kinachovunja dawa za ukoo wa penisilini kabla hazijafika ukutani, wengine wana kimeng'enya cha ukuta chenye umbo lililobadilika kidogo kiasi kwamba dawa haikishiki vizuri. Kabla ya Jumatano hao walikuwa wachache na wanagombania chakula na wenzao. Baada ya vidonge vinne, wapinzani wao wengi hawapo. Wanazaliana, na baadhi yao wanaweza kuwapa bakteria wa aina nyingine jeni hizo za usugu. Kisha bweni lilelile lenye madirisha yaliyofungwa linawasambaza kama lilivyosambaza mafua.

Mwanafunzi akisikia "usugu wa dawa" hudhani ni mwili wake uliozoea dawa. Sivyo. Aliyekuwa sugu ni bakteria, na anaweza kuhamia kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema jambo hili mapema, katika hotuba yake ya Nobeli ya mwaka 1945. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini kidogo, isiyotosha kuua bakteria lakini inayotosha kuwafundisha kuishinda, halafu anamwambukiza mkewe bakteria hao. Mke anapougua nimonia, penisilini haimsaidii. Vidonge vinne na viwili vya kugawana bwenini ni mfano uleule.

Wauzaji wa maduka ya dawa hunijibu kwamba asipouza yeye, mteja ataenda duka la pili. Naelewa, ila siwezi kukubali, kwa sababu pale dukani ndipo mahali pa mwisho ambapo mtu angeweza kuulizwa maswali mawili matatu. Na maswali yapo. Mafua ya kirusi kwa kawaida huja na pua inayotiririka, chafya na kikohozi kwa pamoja, na huanza kupungua baada ya siku ya tatu. Mtu aliyekuwa anapata nafuu halafu homa ikarudi kwa nguvu, anayepumua haraka au kwa shida, mwenye sikio linalouma na kutoa usaha, huyo ana jambo jingine, na bakteria wanaweza kuwa wameingia baada ya kirusi. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinapaswa kupimwa kifua kikuu. Homa yoyote kwetu huku ipimwe malaria kwanza. Na yule ambaye pua yake hutiririka maji wiki nzima kila upepo unapovuma, macho yakimwasha bila homa, huenda ana mzio wa vumbi, ambao si kirusi wala bakteria.

Kwa mafua yenyewe kuna parasetamoli ya maumivu na homa, maji ya kutosha, kulala, na asali kwa kikohozi, ambayo ya Manyoni haiko mbali na sisi. Hayo hayafupishi ugonjwa kwa kiasi kikubwa. Yanamsaidia mtu kuupita.

Mwezi Agosti binti yule alinifuata tena, safari hii akiwa ameshika shingo. Alikuwa na homa, akimeza mate anakunja uso. "Mwalimu, koo linauma tangu jana, lakini sina mafua. Sikohoi. Pua iko kavu." Aliyasema hayo bila kuulizwa. Nikamgusa chini ya taya, tezi zilikuwa zimevimba. Matroni akampeleka zahanati. Kipimo cha malaria kikatoka hasi, tabibu akamulika koo akaona usaha mweupe kwenye mafindofindo, akamwandikia amoksilini ya siku kumi, kwa sababu bakteria wa koo la namna hiyo wasipotibiwa huweza kuufanya mwili ushambulie milango ya moyo wake wenyewe.

Vilikuwa vidonge vilevile vya rangi mbili. Siku ya tatu homa ilikuwa imekwisha na koo halimsumbui, na mwenzake wa kitanda cha juu, aliyekuwa ameanza chafya, akamwomba viwili. Akamnyima. Siku ya kumi na moja alikuja maabara akaweka pakiti tupu mezani kwangu.